Maswali Yale Yale kwa Wote

Kuna watu wanaojua kusamehe. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na kanisani walimsifu sana kwa hilo. Mimi nilirithi pua yake, moyo wake nikauacha. Nyapara mkuu wa kiwanda cha unga pale Nakuru nilimwekea kinyongo tangu nikiwa kijana mbeba magunia mpaka nikawa karani wa wafanyakazi, na sikuwahi kulala nikakisahau. Ajue hivyo kila anayesoma, asije akanitafutia wema ambao sikuwa nao.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa nafanya kazi katika chumba cha kufungia magunia. Unga ulishuka kwa bomba kutoka ghorofani, sisi tukaupokea kwenye magunia, tukapima, tukashona midomo, tukapanga mpaka karibu na dari. Nilikuwa naijua kazi ile. Mizani ikianza kudanganya niliisikia kwa mkono kabla ya kuiona kwa jicho. Nafasi ya msimamizi wa zamu ilipopatikana, wenzangu waliniambia niombe, nami nikaomba.

Baba yangu alikuwa mfagizi wa stesheni ya reli. Siku ya mahojiano aliomba ruhusa kazini, akaazima koti kwa jirani yetu wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, akaja kukaa kwenye benchi nje ya ofisi. Nilimwambia si lazima. Akasema mtoto akienda kuposa au kuomba cheo haendi peke yake. Basi akakaa pale chini ya dirisha, koti likimpwaya mabegani, amelaza mikono magotini.

Ndani alikuwepo meneja Mzungu, ambaye alikuwa akisoma barua zake, na nyapara mkuu. Nyapara ndiye aliyeuliza. Swali lilikuwa moja tu.

"Wewe ni mtoto ya nani?"

Nikamtaja baba na kazi yake. Nyapara akacheka mpaka akashika meza.

"Mfagizi! Sasa mtoto ya mfagizi atasimamia nani? Atasimamia ufagio?"

Meneja akainua macho, akatabasamu kama mtu anayetabasamia mzaha wa lugha asiyoijua, akarudi kwenye barua zake. Nikaambiwa niende. Sikuulizwa juu ya mizani, wala cherehani ya magunia, wala watu. Cheo alipewa shemeji yake nyapara, mtu ambaye hakuwahi kushona gunia likashika.

Nilipotoka, baba alikuwa amesimama, ananiangalia. Dirisha la juu ya benchi lilikuwa wazi. Tulitembea kuelekea landi kwenye vumbi jeupe la Nakuru, na tulipofika alivua lile koti akalikunja vizuri, akanituma nilirudishe. Hakuzungumza habari hiyo mpaka alipokufa.

Niliingia shule ya jioni ya misheni kwa hasira. Wengine husomea elimu, mimi nilisomea nyapara. Nilipopata Kiingereza cha kutosha na ujuzi wa kupiga chapa, nikahamishiwa ofisini kuwa karani wa wafanyakazi. Hapo niliona kwa karibu jinsi mzee yule alivyoajiri. Mtu wa kwao alipita. Mtu aliyemletea kuku alipita. Mtu wa kabila asilolipenda aliambiwa hana pasi sawasawa, yaani kibali cha kuishi mjini, na miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ikikamata watu ovyo, nani angebisha habari ya pasi? Kulikuwa na mtu mmoja kutoka Bahati, fundi wa mizani kweli kweli, alinyimwa usimamizi kwa sababu nyapara alisema macho yake hayaonyeshi heshima. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yetu ya kupimia watu, na mimi niliyeandika majina nilinyamaza.

Kisha, Hali ya Hatari ikielekea ukingoni, akaja bwana mpya, Mzungu wa mambo ya wafanyakazi. Alikuwa amekaa jeshini, na watu walisema alipita kambi ya Lanet kabla ya kuvua sare. Kazi yake huko ilikuwa kusaidia kuchagua maofisa. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, lakini kichwa chake hakikuwa hivyo. Msimamizi wa zamu mmoja alipostaafu, nyapara akapanda ofisini na jina tayari mdomoni. Jina lenyewe lilikuwa la mwanawe wa kiume, kijana mpole aliyekuwa akishona magunia.

"Hapana," bwana akasema. "Nani anataka, ataomba. Halafu mimi nataka maswali moja kwa watu yote. Na alama. Karani atatengeneza pamoja na mimi."

Nyapara akaniangalia. Nami nikamwangalia. Nilihisi utamu ambao sijawahi kuupata kwenye sukari.

Nilidhani tungekaa tuandike maswali asubuhi na kumaliza kabla ya chai. Bwana hakukubali. Alisema huwezi kumpima mtu kabla hujajua unapima nini. Akanituma nishuke chini niwaulize watu wa zamu zote jambo moja: mkumbuke siku msimamizi alifanya vizuri, na siku alifanya vibaya, mnieleze alifanya nini hasa. Si "ni mtu mzuri," si "ana roho mbaya." Alifanya nini.

Wakanieleza. Kijana mmoja aliyekosa vidole viwili aliniambia jinsi msimamizi, yule yule shemeji, alivyomfokea avute gunia lililokwama huku mkanda wa mashine ukizunguka. Mwingine akanisimulia behewa zima lililoondoka na magunia pungufu kwa sababu msimamizi aliona aibu kusema mizani imeharibika. Nikasikia habari za ugomvi, za mtu aliyefukuzwa kwa kuchelewa na kumbe mkewe alikuwa hospitali, za agizo la hatari lililotoka juu na hakuna aliyelikataa. Nilirudi na masikio yamejaa. Tulipoyapanga, tukaona mambo yanajirudia: usalama wa watu, ukweli wa vipimo, haki kati ya wafanyakazi, na ujasiri wa kumwambia mkubwa kweli. Hayo ndiyo tuliyotungia maswali, na kila swali lilikuwa tukio ambalo lilikwisha kutokea pale pale.

Kazi kubwa ilikuwa alama. Bwana alitaka tuandike majibu kabla ya kumwona mwombaji hata mmoja. Alama moja inafananaje, tatu inafananaje, tano inafananaje. Kwa swali la gunia lililokwama tuliandika hivi: moja, anamfokea mtu huku mashine inazunguka. Tatu, anazima mashine kwanza ndipo analitoa gunia. Tano, anazima, analitoa, anatafuta kwa nini gunia limekwama, na anawaambia wa zamu inayofuata. Nambari mbili na nne zilikuwa za walioangukia katikati. Nikauliza kwa nini tujichoshe hivi. Akasema tukingoja mpaka tumsikie mtu, tutalipenda jibu la mtu tunayempenda.

Maswali tuliyajaribu kwa wasimamizi wa upande wa ghala, mmoja aliyesifiwa na mmoja aliyelalamikiwa. Kulikuwa na swali nililolipenda, "Utafanyaje ili zamu yako ifike mapema?" Wote wawili walijibu kama wahubiri. Tukalitupa, maana swali ambalo kila mtu analijibu vizuri halitenganishi mchele na chuya.

Sasa nieleze uovu wangu, maana niliufanya nikiwa na akili timamu. Nilimjua mtoto wa nyapara. Kusoma kwake kulikuwa kwa kukokota, na Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Basi nikaongeza swali: mwombaji asome kwa sauti taarifa ya zamu ya Kiingereza na kuieleza. Nililichapa vizuri, nikaliweka katikati ya mengine, nikatulia.

Bwana akaweka kidole juu yake.

"Msimamizi nasoma hii kila siku?"

"Hapana, bwana. Taarifa naandika mimi. Yeye ananiambia kwa Kiswahili."

"Basi ya nini?"

Nikajishughulisha na kupanga karatasi. Akalikata kwa kalamu. Niliudhika kama mtu aliyepokonywa fimbo, lakini nilikuwa na nyingine.

Nikamwambia, "Bwana, nyapara mkuu atakaa kwenye meza ya kupima? Mtoto wake ni mwombaji."

Akasema atatoka kijana akiingia. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe: maswali yale yale, na wapimaji wale wale kwa wote. Akitoka kwa mmoja, mizani imebadilika. Bwana akafikiri, akakubali. Nyapara angekaa nje siku nzima, na nafasi yake mezani ingechukuliwa nami, pamoja na bwana na fundi mkuu wa kinu, Mhindi mmoja mwenye maneno machache aliyeijua mitambo kuliko alivyowajua wanawe.

Mimi ndiye niliyetumwa kumpa mzee habari hiyo. Nilitembea polepole ili nisiimalize haraka.

"Mimi?" akasema. "Mimi nikae inje? Hii kiwanda nimeingia wewe ukinyonya!"

"Ni sheria, mzee. Mtu hampimi mtoto wake."

"Sheria ya nani?"

"Ya wote," nikajibu, na nikamwonyesha benchi. Lilikuwa lile lile, chini ya dirisha lile lile.

Siku ilipofika alikaa pale kweli, kofia mikononi, na kila aliyepita alimwona. Mimi nililifunga dirisha mwenyewe, maana mwombaji anayengoja hapaswi kusikia maswali. Nilipokuwa nikishusha komeo nilikuwa naona kipara chake chini yangu. Nilimkumbuka baba na koti la kuazima, na karibu nilie kwa furaha.

Waombaji waliingia mmoja mmoja. Hakuna aliyeulizwa kwao ni wapi, anasali wapi, wala ni mtoto wa nani. Kila swali lilisomwa kama lilivyoandikwa. Asiyeelewa alisomewa tena, akimaliza akaulizwa, "Una la kuongeza?" Kila mmoja aliulizwa hivyo, hata aliyesema vizuri. Tuliandika maneno yao, kisha kila mpimaji akaweka alama yake kimya, jibu kwa jibu, bila kuchungulia kwa mwenzake. Yule mtu wa Bahati mwenye macho yasiyo na heshima alijibu swali la mizani kwa namna ambayo fundi Mhindi aliacha kuandika akamtazama tu. Kwenye swali la kuchelewa, hata hivyo, alisema angemfukuza mtu bila kumwuliza neno, na hapo alianguka.

Mtoto wa nyapara aliingia mwisho. Kura ndiyo iliyopanga zamu, msiniseme. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakunja vidole. Nilimtazama nikaona taya la baba yake, nikajisemea: leo.

Swali la gunia alilijibu polepole, hatua kwa hatua, akazima mashine kabla ya kitu chochote. Alijua kukwama kunatokana na nyuzi za gunia kuukuu kunasa kwenye meno ya cherehani, jambo ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Swali la mizani akajibu vizuri. Kisha likaja swali la ugomvi, nililolitunga mimi kwa kumfikiria baba yake: wafanyakazi wawili wanapigana, mmoja wao ni ndugu yako. Utafanya nini?

Akaomba arudiwe swali. Bwana akamsomea tena.

"Nitawatenga," akasema. "Mmoja ashone, mwingine apange. Nitasikiza huyu peke yake, na huyu peke yake. Lakini kuamua siwezi. Nitaita msimamizi wa ile zamu ingine aamue yeye."

"Una la kuongeza?"

"Ata nikisema ukweli, nani ataamini mimi? Mtu atasema ni damu."

Kwenye karatasi iliyokuwa mbele yangu, chini ya tano, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: anawatenganisha, anawasikiliza wote, anampa asiye na udugu aamue. Kijana alikuwa amelisema lote. Penseli yangu ilisimama juu ya tatu. Nilitaka kuiandika ile tatu kuliko nilivyotaka mshahara. Lakini nilijua kitakachofuata. Alama za wapimaji zikiachana sana, kila mmoja husoma maneno aliyoyaandika ya mwombaji na kuonyesha yanalingana na alama ipi. Kanuni hiyo niliishikilia mimi, niliposhuku nyapara atakaa mezani na kumpa mwanawe tano za bure. Ningesoma nini? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikaandika tano, na niliibonyeza penseli mpaka ikavunjika ncha.

Tulipojumlisha, kijana alikuwa juu, mtu wa Bahati akimfuata kwa karibu. Fundi Mhindi akasema, "Sawa." Bwana akasema, "Sawa." Wote wawili wakanigeukia.

"Sawa," nikasema. Jioni ile nilikula ugali kama mtu anayekula mchanga. Nilikuwa nimejenga mtego kwa miaka, ukamnyanyua mtoto wa adui yangu ukamweka kwenye kiti nilichonyimwa. Mke wangu alipouliza nani amechukua kazi, nilimwambia anyamaze.

Siku ya pili matokeo yalibandikwa mlangoni. Alasiri nyapara akapanda ofisini peke yake, akafunga mlango kwa kisigino, na kwapani alikuwa na jogoo mwekundu amefungwa miguu. Alikuwa amelegea uso. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Karani," akasema, "wewe ni mwanaume. Mimi nilifikiri utanilipisha ile kelele nilikupigia ya benchi. Kumbe umenisaidia. Shika hii kuku."

"Sikukusaidia, mzee. Kijana alijibu."

Akacheka, akanikonyeza, akamweka yule jogoo juu ya meza yangu. "Wewe sema hivyo kwa Mzungu. Sisi tunajuana."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka nyuma yake taratibu. Kijana alikuwa ameitwa kuja kutia sahihi, na alisimama kizingitini, amevaa shati safi, uso unang'aa kama wa mtu aliyetoka kuoga. Baba yake hakumwona. Mimi nilimwona. Ningekohoa tu, mambo yangekwisha. Badala yake niliegemea kiti, nikauliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Kwani mzee, kijana hakuweza mwenyewe?"

"Huyu?" Akapiga meza. "Huyu kichwa yake ni unga tupu! Ata mbuzi zilimshinda kuchunga. Bila wewe angejibu nini? Mimi nilikaa pale inje nikajua leo ni aibu tu. Nikasema, kama karani hatamhurumia, kwisha."

Nilimwacha amalize. Nilimwacha aseme yote, na sikuona haya, na sioni sasa. Alipoishiwa nikamwambia:

"Mzee, geuka."

Akageuka. Jogoo alipiga mabawa mezani, karatasi zangu zikaanguka, na hakuna aliyeziokota. Kijana hakulia wala hakupandisha sauti. Ule mng'ao tu ndio uliomtoka.

"Baba," akasema, "nilijibu maswali."

Akaja mezani, akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi zake za kukokota, akatoka. Hakumwangalia baba yake wala hakumgusa. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi, kisha kelele za mashine zikavifunika.

Mzee akaketi bila kualikwa. Alionekana mdogo. Akasema, "Si ungeniambia yuko hapo."

Hii ndiyo saa niliyoingoja. Nilikuwa nimeyapanga maneno yake tangu siku ile ya vumbi jeupe, niliyasema nikiwa njiani, nikiwa kanisani, nikimzika baba yangu. Nikasimama ili niyaseme vizuri.

"Hata wewe hukuniambia dirisha lilikuwa wazi."

Akakunja uso. Akalitazama dirisha, akanitazama mimi, akalitazama tena. Alikuwa anatafuta kwa kweli, namjua, hakuwa mtu wa kuigiza.

"Dirisha gani?" akauliza.

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya mfagizi na koti la kuazima, nikaona kwamba itanibidi nianze mwanzo kabisa, kama ninavyomweleza mgeni. Nikakaa. Nikamwambia achukue jogoo wake, kwa sababu ofisi ya kiwanda haipokei kuku.